Imla ya Muziki: Kulifundisha Sikio Kuandika

Leteni daftari, kalamu ya risasi na kifutio. Kalamu ya wino iacheni, maana leo tutafuta mara nyingi.

Imla mnaijua. Mwalimu husema maneno, nanyi mnayaandika bila kuyaona. Leo maneno hayatasemwa, yataimbwa au kupigwa kwenye kinanda, nasi tutaandika sauti zenyewe. Iko imla ya namna mbili. Ya kwanza ni ya tuni, yaani sauti moja baada ya moja, kama mtu aimbavyo peke yake. Ya pili ni ya mafungu ya sauti, ambapo sauti tatu au nne hulia pamoja, kama kwaya iimbavyo. Wapiga gitaa huliita fungu hilo kodi, wala si kodi ya nyumba.

Kwa nini mtu wa Tandika au Mwananyamala ajisumbue na kazi hii? Fikiri juu ya kwaya yenye waimbaji ishirini. Nyimbo zake zote zimo vichwani mwao, hazimo katika karatasi. Anayeijua vizuri sauti ya tatu anahamia Mwanza. Miezi sita ikipita, sauti ya tatu imekwisha kugeuka, kila mmoja anaikumbuka namna yake, na mwalimu aliyeutunga wimbo huenda hayupo tena wa kuulizwa. Kama mmoja katika kwaya angaliweza kuandika alichosikia, wimbo ungalibaki mzima.

Maandishi tutakayotumia ni ya sol-fa, yale ya herufi d, r, m, f, s, l, t, ambayo yamo katika vitabu vingi vya kwaya hapa kwetu. Yalianzishwa Uingereza na mwalimu mmoja bibi, Sarah Glover, kisha yakatengenezwa na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19, na wamisheni wakayaleta Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika ya Kusini, aliyetunga mwaka 1897 tuni ambayo Tanganyika iliifanya wimbo wa taifa mwaka 1961, aliandika nyimbo zake kwa herufi hizi hizi. Basi msidhani kwamba haya ni maandishi ya watoto tu.

Haya, tuanze. Jambo la kwanza katika imla yo yote ni kuitafuta do. Do ni nyumbani. Ni ile sauti ambayo wimbo ukiifikia, sikio lako hutulia na kusema safari imekwisha. Do haikai mahali pamoja siku zote. Leo mwimbishaji ataianzisha chini, kesho juu kidogo, kwa kuwa waimbaji wake wana mafua. Lakini popote ilipo, sauti nyingine zote hupimwa kutoka kwake, kama vile nyumba za mtaani zinavyoelekezwa kutoka msikitini au sokoni.

Wanafunzi wengi husikiliza sauti ya mwisho ya tuni na kuiita do. Mara nyingi watapata, lakini mara nyingine tuni humalizia mi au so, na hapo imla nzima itaandikwa vibaya tangu herufi ya kwanza. Ni salama zaidi kusikiliza sauti nzito ya mwisho, yaani besi, maana yeye hurudi nyumbani karibu kila mara. Kama hakuna besi, nyamaza wimbo ukiisha, kisha vumisha puani sauti ambayo ungependa wimbo ukae juu yake. Imba kutoka hapo ngazi yote: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Ikipanda vizuri bila kukwama, umeipata.

Katika ngazi hiyo ziko hatua mbili fupi, nazo zitakusaidia sana. Kutoka mi kwenda fa ni hatua fupi, na kutoka ti kwenda do ya juu ni hatua fupi. Nyingine zote ni ndefu. Kwa hiyo ti huegemea do kama mtu aliyesimama mlangoni na mguu mmoja ndani, na fa hutaka kuteremkia mi. Do, mi na so zimetulia, ndizo nguzo zetu. Jifunze kwanza kuzitambua nguzo hizi tatu, nazo zilizobaki utazijua kwa jirani zake.

(Hapa kinanda kilipiga ngazi mara mbili. Msomaji aimbe mwenyewe.)

Sasa imla ya tuni. Itapigwa mara nne, kila mara ina kazi yake. Mara ya kwanza, weka kalamu chini. Naam, chini kabisa. Gonga pigo kwa kidole pajani, tafuta do, na ukumbuke wimbo umeanza wapi na umeishia wapi. Anayeandika tangu mara ya kwanza hukosa kwa sababu moja: anapoandika sauti ya pili, sikio lake halisikii ya tatu na ya nne. Mkono ni mzito kuliko sikio.

Mara ya pili andika mapigo tu. Mara ya tatu andika nguzo, yaani kila mahali uliposikia do, mi au so. Mara ya nne jaza mapengo. Kati ya mara moja na nyingine jiimbie kimoyomoyo kile unachokumbuka, maana imla hasa huandikwa katika ukimya ule, wakati kinanda kimenyamaza.

Tufanye moja pamoja. Ina vipimo vinne, na kila kipimo kina mapigo manne. Nukta mbili hutenga pigo na pigo, na kistari kilicholala maana yake sauti iliyotangulia inaendelea kulia.

d : d : r : m | s : – : m : – | f : m : r : t, | d : – : – : – ||

Alama ndogo chini ya t ya mwisho yaonyesha kwamba ni ti ya chini, ile iliyo ngazi moja tu chini ya do.

Mwanafunzi aliyesikia mara ya kwanza atajua kwamba imeanza do na kuishia do, na kwamba katikati ilipanda. Mara ya pili atapata mapigo: manne mafupi, mawili marefu, manne mafupi, moja refu sana. Hapa makosa huanza. Ile so ya kipimo cha pili ina mapigo mawili, lakini wengi huiandika kwa pigo moja, kwa kuwa waliifurahia kupanda kwake wakasahau kugonga. Utajuaje kwamba umekosa? Hesabu mapigo yote. Vipimo vinne mara mapigo manne ni 16. Ukipata 15, liko pigo uliloliacha, na mara nyingi limo katika sauti ndefu, si katika zile fupi.

Mara ya tatu atapata do mbili za mwanzo, kisha sauti ya juu kabisa. Je, ni so au ni la? Usibahatishe. Shika sauti ile, kisha teremka nayo ngazi kwa ngazi mpaka nyumbani, ukihesabu kwa vidole: so, fa, mi, re, do. Ukifika kwa vidole vitano, ilikuwa so. Ukihitaji cha sita, ilikuwa la. Ni njia ya polepole, lakini haidanganyi, na baada ya miezi michache utaona huihitaji tena, kwa kuwa so utaitambua kama umtambuavyo jirani kwa kikohozi chake.

Mara ya nne kuna kipimo cha tatu: fa, mi, re, ti. Watu wengi huandika fa, mi, re, do. Husikia kwamba sauti zinashuka, wanajua kwamba mwisho ni do, basi mkono unaikimbilia do kabla haijafika. Jipime hivi: ikiwa pigo la nne ni do, basi kuingia kipimo cha nne ni kurudia sauti ile ile. Je, ulisikia sauti ikirudiwa, au ulisikia ikipanda hatua fupi? Ilipanda. Basi ilitoka ti.

Ukimaliza, chukua daftari uimbe ulichoandika, si ulichokumbuka. Ni vigumu kidogo, maana kumbukumbu humsaidia mwongo. Afadhali umpe mwenzako daftari lako aimbe yeye, nawe usikilize kama wimbo ni ule.

Tuje katika mafungu ya sauti. Hapa watu hukata tamaa wakidhani kwamba lazima wasikie sauti zote nne kwa mara moja. Hapana. Sikiliza besi kwanza, uiandike kama tuni ya kawaida. Kisha uliza fungu gani limekaa juu yake. Mwaka wa kwanza mafungu matatu yanatosha kwa nyimbo nyingi sana. Fungu la do lina do, mi, so. Fungu la fa lina fa, la, do. Fungu la so lina so, ti, re.

Tazama vizuri: do imo katika fungu la do na katika fungu la fa, lakini haimo katika fungu la so. Hiyo ndiyo mizani yetu. Kwaya ikiimba, vumisha puani do moja bila kuiacha tangu mwanzo hata mwisho. Palipo na fungu la do au la fa, sauti yako itakaa vizuri kama maji mtungini. Fungu la so likija, utasikia mkwaruzo, kwa sababu do yako inasuguana na ti iliyo karibu nayo mno. Kisha rudia wimbo ukivumisha so. Hiyo hukaa vizuri katika do na katika so, na huchokoza kidogo katika fa. Kwa mara mbili hizo umekwisha kuyatenga mafungu yote matatu.

Chukua mfano huu. Umeandika besi: do, mi, fa, so, do. Mwanafunzi anayeamini besi peke yake ataandika kwamba fungu la pili ni la mi, kwa kuwa besi ameimba mi. Lakini fungu la mi ni mi, so, ti, na ndani yake do ingekwaruza. Vumisha do. Fungu la kwanza limekaa vizuri, la pili vizuri, la tatu vizuri, la nne linakwaruza, la tano vizuri. Basi la pili si la mi. Ni fungu lile lile la do, ila besi amechukua mi badala ya do, kama mtu aliyehamia chumba cha pili katika nyumba ile ile. Andika: do, do yenye mi chini, fa, so, do. Watunzi wa kwaya hupenda sana kumtembeza besi hivi, kwa hiyo mtego huu utakutana nao kila juma.

Mtego mwingine ni fungu la la, lenye la, do, mi. Linashirikiana na fungu la do kwa sauti mbili nzima, kwa hiyo kuvumisha do hakutakuonyesha tofauti. Vumisha so. Katika do itatulia, katika la itachokoza. Lakini liache fungu hili mpaka yale matatu ya kwanza uyajue usingizini.

Mahali pazuri pa kujizoeza ni muziki wa dansi. Bendi kama Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, zina nyimbo zenye sehemu mbili: mwanzo wa polepole wenye maneno, kisha chemko. Katika chemko magitaa huzunguka mafungu yale yale machache tena na tena kwa dakika kadhaa. Mwalimu gani atakupigia imla mara thelathini bila kukasirika? Chemko litakupigia. Ila angalia, besi wa dansi hapendi kugonga pigo la kwanza kila mara. Fungu huweza kubadilika, naye akachelewa kidogo kuingia. Basi sikiliza gitaa la rithimu ujue fungu limebadilika lini, na besi ujue limebadilika kuwa nini.

Wengi wenu mtatumia simu ya mkononi. Kwa tuni, inafaa. Kwa besi, kipaza sauti chake kidogo kitakudanganya. Uzi mnene wa gitaa la besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kuitoa sauti nzito namna hiyo. Utakachosikia ni vivuli vyake vya juu tu, nawe utaandika besi asiyekuwapo. Tumia vidude vya masikioni, au redio yenye spika kubwa.

Sasa ratiba ya juma kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Naiweka kwa mtu anayetoka nyumbani Mbagala alfajiri na kurudi magharibi, kwa maana mwenye nafasi ya kutwa hahitaji ratiba yangu. Dakika 20 kwa siku zatosha. Sikio huchoka upesi, na baada ya nusu saa huanza kukubali kila kitu.

Wakati bora ni saa 11 alfajiri, kabla ya mtaa kuamka. Jioni baa ya jirani inapiga nyimbo zake, na do ya baa itakunyang'anya do yako bila wewe kujua. Jumatatu usiandike lo lote, imba ngazi na nguzo tu, na ubadilishe do mara tatu ili sikio lisizoee mahali pamoja. Jumanne fanya imla mbili za tuni, za vipimo viwili hadi vinne. Jumatano ni siku ya mapigo, nayo yaweza kufanyika ndani ya daladala: chagua wimbo unaopigwa humo, gonga pajani, na uhesabu mapigo mangapi hupita kabla fungu halijabadilika. Alhamisi andika besi za nyimbo mbili. Ijumaa pumzika, au rudia imla moja tu ya Jumanne uone kama leo waisikia vile vile.

Jumamosi ndiyo siku kubwa, saa nzima, pamoja na mwenzako. Mmoja apige, mwingine aandike, kisha mbadilishane. Kabla hamjaagana, rekodini katika simu imla kumi fupi, nawe uzitumie juma linalofuata kwa kuzichanganya. Ukirekodi wewe mwenyewe peke yako utakumbuka majibu, kwa hiyo arekodi mwenzako. Jumapili wenye kwaya wana zoezi lao tayari: siku hiyo usiimbe sauti yako tu, sikiliza sauti ya besi katika wimbo mmoja na uiandike ukifika nyumbani.

Kwa mwaka mzima, miezi mitatu ya kwanza usitoke nje ya do, mi, so, na jirani zake re na ti. Fa na la ziingie mwezi wa nne, na kufikia mwezi wa sita uweze imla ya vipimo vinne kwa kuisikia mara nne. Besi ianze mwezi wa saba. Mafungu matatu mwezi wa tisa, na lile la la mwezi wa kumi na moja. Ukiona kwamba mwezi wa sita bado wahitaji kusikia mara nane, usiendelee mbele. Rudi nguzoni, kwani ugonjwa karibu siku zote umo katika do isiyoshikwa, si katika sauti za mbali.

Neno moja kwa wale wanaotaka kuandika ngoma za kwao. Herufi saba hizi zilitengenezwa kwa sauti za kinanda. Ilimba ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipeleka mbele ya watu wa nchi nyingi, haikupangwa kwa sauti za kinanda, na baadhi ya sauti zake hukaa katikati ya herufi zetu. Taarabu ya kale nayo ina sauti za namna hiyo, zilizotoka katika muziki wa Kiarabu. Ukizikuta, usizisukume ziingie katika herufi iliyo karibu. Andika herufi na mshale mdogo, wa juu au wa chini, ili atakayesoma ajue kwamba sauti haikuwa hapo kamili.

Kazi ya nyumbani ni imla ya vipimo vinne, yenye fungu moja katika kila kipimo. Andika tuni kwa kuisikia mara nne, kisha vumisha do na so utafute mafungu. Mtafute mwenzako mwenye kinanda, gitaa au sauti ya kuaminika, umpe karatasi hii. Yeye asome mistari miwili ifuatayo, nawe geuza uso.

Tuni: d : m : s : m | f : – : l : – | s : f : r : t, | d : – : – : – ||

Mafungu: do | fa | so | do ||